Kelele Mbili, Bomba Moja: Mafundi Wanajuaje Pa Kuchimba

Maji yanayovuja chini ya ardhi hayana desturi ya kuchomoza palipotoboka. Hufuata mtaro wa zamani, mchanga uliolegea au ukingo wa msingi wa nyumba, yakaibukia mita kadhaa mbali na bomba lilipopasuka. Kwenye udongo wa kichanga huenda yasiibuke kabisa, yakanywewa chini miezi na miezi huku wakazi wakilalamika kwamba presha imeshuka. Ndiyo maana kuchimba penye dimbwi ni bahati nasibu. Lami inakatwa, shimo linafika kwenye bomba, na bomba linakutwa zima.

Hata hivyo bomba lililotoboka halinyamazi. Maji yanayosukumwa kupitia tundu dogo hutoa mvumo, na mvumo huo husafiri pande zote mbili kwa kupitia maji yenyewe na ukuta wa bomba. Mafundi wa zamani waliusikiliza kwa fimbo ya chuma: ncha moja kwenye vali, nyingine sikioni. Fundi mzoefu aliweza kukuambia kwamba bomba linavuja, ila mahali hasa palimshinda, kwa sababu ukali wa sauti unadanganya. Vali iliyo mbali lakini imeshikana vizuri na bomba inaweza kuvuma kuliko iliyo karibu lakini imejaa kutu. Katika miaka ya 1970 watafiti wa maji wa Uingereza walileta njia nyingine, ambayo haijali sauti ina nguvu kiasi gani. Inajali imefika lini.

Vihisi viwili vyenye sumaku hubandikwa kwenye vali mbili za bomba moja, baada ya kutu kusuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Tukiite kimoja A na kingine B. Vyote viwili hurekodi kwa wakati mmoja. Ikiwa tundu liko karibu na A, mvumo utafika A kwanza, kisha B. Ukijua B imechelewa kwa muda gani, na sauti inakwenda kwa kasi gani ndani ya bomba hilo, umbali unapatikana kwa hesabu ya darasa la saba. Shida ni kupima huko kuchelewa. Mvumo wa maji hauna mwanzo wala mwisho, haupigi "pa!" kama baruti ili uutazame mchoro na kusema hapa umeanza. Ni mchachariko usiokoma, na juu yake kuna pikipiki, jenereta, mbwa na lori la mchanga. Ukizitazama rekodi mbili kwa macho, hakuna kitakachokuambia kwamba zina kitu kimoja ndani.

Hapo ndipo inapoingia hesabu inayoitwa uwiano mtambuka. Nitaionyesha kwa rekodi fupi mno, namba nane kila upande, ili msomaji mwenye kalamu aweze kuikagua mwenyewe. Kila namba ni kipimo cha mtetemo kwa nukta moja ya wakati: chanya ukuta wa bomba ukisukumwa upande mmoja, hasi ukisukumwa upande wa pili.

```
A:   2  -1   3  -2  -3   1   2  -2
B:   1  -2   0   3   1   2  -3  -2
```

Anza kwa kuziacha kama zilivyo, A juu na B chini. Zidisha kila namba ya juu na iliyo chini yake, kisha jumlisha majibu yote. Utapata 2, 2, 0, hasi 6, hasi 3, 2, hasi 6 na 4. Jumla ni hasi 5. Sasa sogeza B hatua moja kuelekea kushoto, ili namba ya kwanza ya A ikutane na ya pili ya B, ya pili na ya tatu, na kadhalika. Zilizobaki bila mwenzake ziache. Jumla inakuwa hasi 10. Hatua mbili: 3. Hatua tatu:

2 × 3 = 6, kisha −1 × 1 = −1, kisha 3 × 2 = 6, −2 × −3 = 6, −3 × −2 = 6. Jumla 23.

Hatua nne inarudi hasi 5, ya tano 1. Ukisogeza upande wa pili, yaani kwa kudhani kwamba A ndiyo iliyochelewa, unapata hasi 5, 8, 8, hasi 11, na kuendelea. Hakuna jumla nyingine inayoikaribia 23. Kwa hiyo B imechelewa hatua tatu.

Kwa nini jumla hiyo moja imepanda hivyo? Rekodi mbili zikiwa zimelala sawasawa, mvumo wa tundu unazidishwa na nafsi yake. Chanya kwa chanya ni chanya, hasi kwa hasi pia ni chanya, kwa hiyo karibu kila zao linaongeza. Zikiwa hazijalingana, chanya hukutana na hasi bila mpango na mazao yanafutana. Kelele za nje nazo zinafutana hivyohivyo kwa sababu pikipiki inayopita kando ya A haikufika B. Tazama zao la pili hapo juu: A ilikuwa hasi 1, B ikawa chanya 1. Kelele imeigeuza alama kabisa, na jibu halikubadilika. Njia hii haihitaji kila kipimo kiwe safi. Inahitaji tu kwamba vingi viwe upande mmoja.

Kabla ya kuzidisha lazima kila rekodi ipunguziwe wastani wake, ili namba zake zizunguke sifuri. Nimechagua hizi mbili zijumlishe sifuri tayari. Vihisi vyote viwili vikiwa na mwegemo, vikisoma mathalani 50 wakati wote hata bomba likiwa kimya, vingeifanya kila jumla kuwa kubwa, na kubwa kuliko zote ingekuwa ile yenye jozi nyingi zaidi: yaani bila kusogeza kitu. Mashine ingeapa kwamba hakuna aliyechelewa.

Jumla ya 23 peke yake haina maana mpaka ijulikane ni 23 katika ngapi. Kwa hiyo kila rekodi hulinganishwa kwanza na nafsi yake: A juu ya A, bila kusogeza, inatoa 36, B juu ya B inatoa 32. Kipeuo cha pili cha 36 mara 32 ni karibu 33.9, na 23 gawanya kwa hiyo ni 0.68. Moja kamili ingekuwa na maana kwamba rekodi zinafanana kabisa. Sifuri kwamba hazihusiani.

Je, 0.68 inatosha? Hapa ufupi wa rekodi unaanza kuuma. Mistari miwili ya namba isiyohusiana hata chembe haitoi sifuri kamili. Hutoa kitu kinachoyumba kwa kiasi cha moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo. Kwa vipimo nane, huo ni karibu 0.35. Ile hasi 11 tuliyoiona, ukiigawanya kwa 33.9, ni karibu hasi 0.32: bahati tu, hakuna kitu nyuma yake. Na kwa kuwa tunajaribu misogeo kumi na mitano na kuchagua ulio juu, tunaipa bahati nafasi kumi na tano za kutudanganya. Kwa hiyo 0.68 ya namba nane inapendeza, lakini nisingemruhusu mtu akate lami kwa ajili yake.

Ufupi una mtego wa pili, nao uko kwenye kingo. Kwenye msogeo wa hatua tatu tulikuwa na jozi tano; kwenye hatua saba inabaki moja. Mtu mwangalifu atasema si haki, afadhali kila jumla igawanywe kwa idadi ya jozi zake. Jaribu uone. Kilele chetu kinakuwa 23 kwa 5, yaani 4.6. Lakini msogeo wa hatua sita upande wa pili, wenye jozi mbili tu na jumla ya 6, unaruka hadi 3 na kuwa wa pili kwa urefu, wakati kabla ya kugawanya haukuwa lolote. Haki hiyo imeipa sauti jozi mbili za kubahatisha. Dawa ni kutotazama kingo: rekodi iwe ndefu mara nyingi kuliko ucheleweshaji wowote unaoutarajia, na misogeo isiyowezekana isijaribiwe kabisa. Kwenye bomba kikomo kinajulikana, kwa sababu sauti haiwezi kuchelewa zaidi ya muda wa kwenda kutoka kihisi kimoja hadi kingine.

Sasa tutoke kwenye karatasi twende mtaani. Chukua bomba la chuma, vihisi viwili viko mita 120 mbalimbali, kila kimoja kinachukua vipimo 4,000 kwa sekunde. Sekunde kumi zinatoa vipimo 40,000, na ule mwyumbo wa bahati unashuka hadi 0.005. Kwa hiyo hata mvumo dhaifu wenye uwiano wa 0.05, ambao sikio halingeutambua katikati ya kelele za mtaa, unasimama mara kumi juu ya nyasi. Ukirefusha rekodi mara nne, mwyumbo unapungua kwa nusu. Hiyo ndiyo sababu mafundi hukaa pale dakika nzima au zaidi wakiiachia mashine ikusanye, ingawa kwa mpita njia wanaonekana wamepumzika.

Tuseme kilele kimejitokeza kwenye hatua ya 160. Kila hatua ni robo ya milisekunde, kwa hiyo B imechelewa milisekunde 40. Sauti katika bomba la chuma lenye maji husafiri takriban mita 1,200 kwa sekunde. Katika milisekunde 40 inakwenda mita 48. Hizo ni mita ambazo njia ya kwenda B imeizidi njia ya kwenda A. Ondoa 48 kwenye 120, zinabaki 72. Gawanya kwa mbili. Tundu liko mita 36 kutoka A.

```
d = (L - v * t) / 2
```

Kukosea hatua moja ya kipimo kungelisogeza jibu sentimita 15 tu. Ukisikia hivyo utadhani kazi imekwisha, na wengi hudhani. Makosa makubwa hayatoki kwenye uwiano. Hutoka kwenye ile `v`, na kwenye ile `L`.

Kasi ya 1,200 ni ya vitabuni. Unene wa ukuta, kipenyo na umri wa bomba huibadilisha, na bomba la plastiki, kwa kuwa ukuta wake ni laini, huishusha hadi mamia machache ya mita kwa sekunde. Ikiwa kasi halisi ya bomba letu ni 1,100, tundu liko mita 38, si 36. Shimo lenye upana wa mita moja limelikosa. Hilo bado ni dogo. Katika miji yetu bomba la chuma la zamani likipasuka hurekebishwa kwa kipande cha plastiki kilichokuwepo dukani siku hiyo, na mara nyingi hakuna anayekiandika kwenye ramani. Tuseme mita 20 za mwisho, upande wa B, ni plastiki ambamo sauti inakwenda mita 400 kwa sekunde. Kipande hicho kinaichelewesha sauti milisekunde 50 badala ya 17 hivi. Tundu likiwa palepale kwenye mita 36, mashine itapima karibu milisekunde 73, na kwa kudhani bomba lote ni chuma itakuambia mita 16. Umechimba mita 20 mbali, na kilele kwenye kioo kilikuwa kizuri, chembamba, kisicho na shaka yoyote. Uzuri wa kilele unathibitisha muda. Kuhusu umbali hausemi neno.

Kasi, kwa bahati nzuri, inapimika palepale. Fundi anafungua bomba la zimamoto au koki iliyo nje ya vihisi viwili, upande wa A, maji yavume kwa makusudi. Sauti hiyo inapita A, kisha inatembea mita zote 120 hadi B. Ikichukua milisekunde 100, kasi ni 1,200. Ikichukua 133, kuna kitu laini kimezikwa humo na ramani imesahau. Kipimo hicho kina faida ya pili: kilele chochote kitakachotokea baadaye kwenye muda huohuo wa kikomo kinatoka kwa chanzo kilicho nje ya vihisi. Huwezi kukipigia umbali. Hamisha vihisi kwanza.

Dawa nyingine ni rahisi kuliko hiyo na naipenda zaidi. Tundu likiwa katikati kabisa ya vihisi, kuchelewa ni sifuri, na kwenye bomba la aina moja sifuri mara kasi yoyote ni sifuri. Kwa hiyo baada ya jibu la kwanza, vihisi huhamishiwa kwenye vali nyingine ili mahali panaposhukiwa paangukie karibu na katikati, kisha hesabu inarudiwa.

Lakini kilele kilicho sifuri kamili nacho kitiliwe shaka. Muungurumo wa umeme ukiingia kwenye nyaya za vihisi vyote viwili huingia kwa pamoja, bila kuchelewa, na mashine itaonyesha kwa unyenyekevu kwamba bomba linavuja katikati. Sogeza kihisi kimoja mita 10: tundu la kweli litabaki palepale barabarani, la uongo litahama mita 5 kufuata katikati mpya.

Mpaka hapa nimeutumia uwiano wa rekodi na nafsi yake kama kipimo tu cha kugawanyia. Kazi yake kubwa ni nyingine. Chukua A, iweke juu ya A, kisha sogeza. Bila kusogeza ni 36, na haiwezi kuzidi hapo. Hatua moja inatoa hasi 10, mbili hasi 11, tatu 4, nne 3. Imeanguka mara moja na haikuinuka tena, nayo ndiyo tabia ya mvumo wa maji: haujirudii, na kwa hiyo unalingana na nafsi yake mahali pamoja tu. Kila unachotegemea kwenye uwiano mtambuka kimesimama juu ya sifa hiyo. Sauti inayojirudia haina kilele kimoja. Umeme wetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde, kila milisekunde 20, na muungurumo huo ukiingia kwenye rekodi utazaa vilele vilivyopangana kila milisekunde 20. Kwenye bomba letu hayo ni matundu ya uongo kila mita 12, kama miti ya barabarani. Ukiutazama uwiano wa A na A utayaona mawimbi yaleyale, na utajua kwamba ni ya mgeni, unachuja masafa hayo kabla ya kulinganisha.

Mwangwi ni mjanja zaidi. Tuseme bomba linaishia mita 30 nyuma ya A, limezibwa. Mvumo unapita A, unagonga mwisho, unarudi: mita 60 za ziada, milisekunde 50. Sasa A ina mvumo mara mbili, halisi na nakala yake iliyochelewa. B inapolinganishwa na A, kilele cha kweli kinabaki milisekunde 40, lakini B inalingana pia na ile nakala, na kinatokea kilele cha pili kwenye hasi 10. Ukiipigia hesabu, unapata mita 66. Tundu la pili? Usianze kuchimba. Linganisha A na nafsi yake: kama kuna kinundu kwenye milisekunde 50, na vilele vyako viwili vimeachana kwa milisekunde 50 hizohizo, basi la mita 66 ni kivuli cha la mita 36. Mwaka 1976 Charles Knapp na Clifford Carter walichapisha njia ya kupunguza taabu hii mapema: kabla ya kulinganisha, kila masafa hupewa uzito wake, kwa namna mojawapo yakisawazishwa yote nguvu moja, ili muungurumo mmoja mzito usitawale hesabu na kilele kiwe chembamba. Njia hiyo ina gharama. Masafa ambayo yana kelele tupu nayo hupandishwa hadhi, kwa hiyo kwenye bomba la plastiki, ambalo humeza sauti nyembamba na kuacha nzito tu, kusawazisha kila kitu kunaweza kuua mvumo uliobaki.

Kuna kosa moja ambalo hesabu hii haiwezi kulikamata hata kidogo. Koki iliyoachwa wazi uani na tundu la bomba, kwa kihisi, ni kitu kilekile: maji yanapita kwa nguvu penye nafasi ndogo, mvumo haujirudii, kilele ni safi, na umbali unaopatikana ni sahihi. Ni sahihi hadi kwenye mlango wa nyumba yako, ambako tangi linajazwa. Mafundi hufanya kazi hii usiku wa manane kwa sababu hiyo, si kwa ajili ya utulivu wa magari peke yake. Kwa hiyo ukigongewa geti saa nane usiku na mtu wa maji mwenye kitambulisho, anakuomba ufunge koki kuu kwa dakika kumi, ifunge, na ukague pia kama boya la tangi linazuia maji sawasawa. Usipofanya hivyo, shimo la kesho asubuhi litakuwa mbele ya geti lako.